Deni Lisiloruhusiwa Kulala: Jinsi Fyucha ya Kahawa Inavyofanya Kazi

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaujua mkataba unaoitwa butura. Mti ukiwa bado kwenye maua, mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huenda kwa mwenye fedha, hupokea kiasi kidogo, na mavuno ya shamba lile yanakuwa si yake tena. Serikali imeupiga vita mtindo huu kwa miaka mingi, na kwa haki, kwa sababu bei hupangwa na mwenye fedha peke yake huku mkulima akiwa hana pa kushika. Hata hivyo ndani ya butura kuna haja mbili za kweli. Mmoja anataka kujua leo atapata nini msimu ujao. Mwingine anataka uhakika kwamba mzigo utakuwepo.

Haja hizo hizo ziliwafanya wafanyabiashara wa New York wafungue soko la kahawa mwaka 1882, na hadi leo soko hilo, ambalo sasa liko chini ya kampuni ya ICE, ndilo linalotoa bei ambayo wauza kahawa ya arabika duniani huitazama kila asubuhi. Mnunuzi wa Hamburg akizungumza na msafirishaji wa Moshi, mara nyingi hawapatani bei kamili. Wanapatana kwamba itakuwa bei ya New York ya mwezi fulani, kuongeza au kupunguza senti kadhaa. Bei hiyo ya New York ni bei ya fyucha. Mamilioni ya watu wa milima ya Afrika Mashariki wanaishi kwa kivuli chake, na wengi wao hawajawahi kuelezwa inavyotengenezwa.

Fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa leo, kitu chenyewe kikabidhiwe tarehe ya mbele inayojulikana. Hadi hapo haina tofauti kubwa na ahadi yoyote ya kuuziana mbele. Tofauti ya kwanza ni kwamba masharti yote isipokuwa bei yameshapangwa na soko. Mkataba mmoja wa kahawa ya New York ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi, au magunia 283 ya kilo 60. Bei hutajwa kwa senti za dola kwa ratili moja. Miezi ya makabidhiano ni mitano tu kwa mwaka: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Hakuna wa kusema anataka tani kumi, au Aprili badala ya Mei. Ugumu huo una faida kubwa: mkataba wa Machi mkononi mwa mtu wa London ni sawasawa na ule wa mtu wa São Paulo, kwa hiyo unaweza kuuzwa na kununuliwa kwa sekunde bila kuuliza ni wa nani.

Tofauti ya pili ni kwamba siku ya kuingia mkataba hakuna anayelipa bei ya kahawa. Katika butura fedha hutoka siku ile ile, na ndiyo maana aliyezitoa huwa na nguvu zote. Katika fyucha mnunuzi na muuzaji wote wawili huweka amana, sehemu ndogo tu ya thamani ya mzigo, na wote wawili huiweka mahali pamoja. Mahali hapo ndipo pana siri ya biashara nzima.

Anayesimama katikati

Tuseme ni Oktoba. Msafirishaji wa Moshi amenunua kahawa ya tani 17, ameikoboa, na kwa gharama zote imemsimamia senti 225 kwa ratili. Mnunuzi wake wa Hamburg ameahidi kulipa bei ya New York ya Machi itakavyokuwa siku watakayofunga bei, mwezi Februari. Leo Machi iko senti 240. Ingekuwa anauza leo, angepata faida ya senti 15 kwa ratili, kama dola 5,625 kwa mzigo wote. Lakini hadi Februari bei inaweza kuwa 300, au 190. Ili faida ile isipeperuke, anampigia dalali wake na kuuza mkataba mmoja wa fyucha ya Machi kwa 240.

Upande wa pili yupo aliyenunua. Huenda ni mkaangaji wa Italia anayeogopa bei kupanda, au mfuko wa uwekezaji usiojua hata harufu ya kahawa mbichi. Msafirishaji wetu hatamjua kamwe, na hana haja ya kumjua. Mara tu maagizo yao yanapokutana kwenye mtambo wa soko, mkataba kati yao huvunjwa na mahali pake huingia mikataba miwili. Katika mmoja, nyumba ya malipo ya soko ndiyo mnunuzi wa msafirishaji wetu. Katika wa pili, nyumba hiyo hiyo ndiyo muuzaji wa mtu wa upande ule. Kuanzia hapo kila mmoja anaidai na kudaiwa na nyumba peke yake. Yule wa upande wa pili akifilisika kesho, hilo si jambo la Moshi.

Nyumba ya malipo ya soko hili inaitwa ICE Clear US. Yenyewe haibashiri bei wala haitaki kahawa. Kwa kila mkataba iliouza umo mmoja ilioununua, kwa hiyo bei ipande au ishuke, hesabu zake zinalingana. Hatari yake ni moja tu, kwamba upande mmoja ushindwe kulipa wakati upande mwingine lazima ulipwe. Kila kanuni inayofuata imetungwa kwa sababu ya hatari hiyo.

Nyumba haifanyi kazi na kila mtu. Ina wanachama, wengi wao mabenki na kampuni kubwa za udalali zenye mitaji inayokaguliwa. Msafirishaji wa Moshi yuko chini ya dalali, na dalali yuko chini ya mwanachama, au ni mwanachama mwenyewe. Mteja asipolipa, mwanachama hulipa kwanza na kumfuata mteja baadaye. Ngazi hizi tutazirudia, kwa sababu watu wengi hudhani dhamana ya nyumba inawafikia wao moja kwa moja.

Hesabu ya kila jioni

Tuseme amana ya kuanzia ni dola 9,000 kwa mkataba, na salio halitakiwi kushuka chini ya dola 8,000. Viwango halisi hubadilika kila bei inapochachamaa, lakini hivi vinatosha kuonyesha njia. Thamani ya mzigo kwa bei ya 240 ni dola 90,000, kwa hiyo amana ni sehemu moja ya kumi.

Kila jioni soko hutangaza bei ya kufungia siku. Jumatatu, siku ya kuuza, Machi inafunga 237. Msafirishaji aliuza 240, kwa hiyo amepata senti tatu, na kila senti moja kwa mkataba huu ni dola 375. Akaunti yake inaongezewa dola 1,125 usiku uleule na salio linakuwa 10,125. Fedha hizo zimetoka kwenye akaunti ya mnunuzi. Jumanne habari za ukame zinafika kutoka Brazili, bei inaruka hadi 246. Sasa amepoteza senti tisa tangu jana, dola 3,375, na salio linabaki 6,750. Hapo simu inalia: aongeze dola 2,250 ili arudi kwenye 9,000, na aziongeze haraka, kwa kawaida kabla ya kesho kuisha. Asipofanya hivyo, dalali ana haki ya kuufunga mkataba wake kwa bei yoyote itakayopatikana, bila kumwomba ruhusa.

Hapa ndipo fyucha inapoachana kabisa na ahadi za kawaida. Katika mkopo au butura, deni hukua kimyakimya kwa miezi, na siku ya kulipa ndipo inagundulika kwamba mdaiwa hana kitu. Nyumba ya malipo hailiruhusu deni kulala. Kila jioni hasara ya siku hiyo inalipwa, na kesho yake mkataba unaanza upya kana kwamba uliingiwa kwa bei ya jana jioni. Ndiyo maana nyumba inaweza kudhamini pande zote mbili za soko zima kwa amana ndogo kuliko thamani ya mizigo. Haidhamini kupanda na kushuka kwa miezi mitano. Inadhamini siku moja au mbili tu, muda wa kumtambua aliyeshindwa na kuuza mikataba yake, na amana hupimwa ili ifunike mtikisiko wa siku hizo.

Turudi Moshi. Februari imefika na bei imeporomoka hadi 200. Hamburg inalipa 200 kwa kahawa iliyogharimu 225, hasara ya senti 25. Lakini ile fyucha aliyouza kwa 240 anainunua sasa kwa 200 na kupata 40. Jumla, faida ya senti 15, ile ile aliyoilinda Oktoba. Kununua huko kunafuta mkataba wake wote. Kwa kuwa anayemdai ni nyumba na anayemdaiwa ni nyumba hiyo hiyo, kuuza kimoja na kununua kimoja cha mwezi uleule kunaacha sifuri. Hahitaji kumtafuta mnunuzi wa kwanza ili kumwomba avunje ahadi.

Na bei ikipanda hadi 420? Kahawa inampa faida ya senti 195, fyucha inamla 180, na kinachobaki ni 15. Kwenye karatasi mambo ni yale yale. Mfukoni si hivyo, na jambo hili limewaumiza watu wa kahawa kuliko kosa lolote la kubashiri. Senti 180 ni dola 67,500 kwa mkataba mmoja. Msafirishaji mwenye mikataba 20, mzigo wa tani 340, anatakiwa kutoa dola 1,350,000 jioni baada ya jioni, huku kahawa yake ikiwa bado ghalani na Hamburg haijalipa hata shilingi. Ana mali inayopanda thamani na hana fedha taslimu ya kumridhisha dalali. Benki ikikataa kumwongezea mkopo, mkataba unafungwa katikati ya njia, hasara inabaki, na kinga aliyoitegemea imeondoka kabla ya kazi yake.

Sikubuni mpando huo kwa kutisha. Desemba 2024, baada ya ukame mkali Brazili, kahawa ya New York ilivunja rekodi iliyodumu tangu 1977, na Februari 2025 ilipita dola 4.20 kwa ratili. Rekodi ile ya 1977 ilitokana na baridi kali iliyoua miti ya kahawa Brazili Julai 1975, na wazee wa mpakani mwa Kenya na Uganda wanaikumbuka kwa jina jingine: magendo ya Chepkube, kahawa ya Uganda ikivushwa usiku kufuata bei ambayo ilikuwa imepangwa ng'ambo ya bahari. Safari hii waliobanwa zaidi walikuwa wafanyabiashara wenye kahawa halisi na fyucha walizouza kwa kinga. Nchini Brazili baadhi yao walikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Msafirishaji anayetaka kujikinga kwa fyucha lazima kwanza apate mkopo wa benki uliotengwa kwa ajili ya amana tu, mkubwa wa kutosha kustahimili bei kupanda maradufu. Asipoupata, ni afadhali auze kahawa kwa bei kamili na kumaliza.

Mwezi unapoisha

Mikataba mingi mno haifikii makabidhiano. Hufutwa kabla, kama msafirishaji wetu alivyofanya. Lakini uwezekano wa kukabidhi ndio unaoifunga bei ya karatasi kwenye kahawa ya kweli, kwa hiyo siku za mwisho za mkataba zinafaa kutazamwa kwa utulivu.

Kwa kahawa ya New York, kipindi cha mwisho huanza siku saba za kazi kabla ya siku ya kwanza ya kazi ya mwezi wa mkataba. Kwa mkataba wa Machi, hiyo ni kama tarehe 20 Februari. Kuanzia siku hiyo muuzaji anayetaka kukabidhi mzigo anaweza kutoa taarifa, na nyumba ya malipo humpangia taarifa hiyo mnunuzi aliyebaki kwenye mkataba. Mnunuzi huyo hawezi kukataa. Ndiyo sababu wiki chache kabla, wasiotaka kahawa hukimbia: huuza Machi na kununua Mei, wakihamishia msimamo wao mwezi unaofuata. Ukitazama takwimu za soko utaona idadi ya mikataba iliyo wazi ya Machi ikikauka huku ya Mei ikifurika. Biashara ya Machi huendelea hadi karibu siku nane za kazi kabla ya mwezi kuisha, kisha mkataba unakufa.

Muuzaji anayekabidhi hawezi kuleta chochote. Kahawa lazima iwe kwenye ghala lililoidhinishwa na soko, katika bandari zilizotajwa, miongoni mwao New York, New Orleans, Antwerp na Hamburg au Bremen. Lazima iwe imepimwa na waonjaji wa soko, waliohesabu kasoro za punje, kuangalia rangi na ukubwa, na kuionja kikombeni. Ikipita hupata hati, na hati hiyo ndiyo inayobadilishana mikono. Kahawa za Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya zinazokubaliwa kwa bei ya msingi. Ya Burundi hukatwa kidogo, ya Brazili hukatwa zaidi, ya Kolombia huongezewa.

Anayechagua ni muuzaji: asili gani, bandari gani, siku gani ndani ya kipindi. Mnunuzi hupokea anachopewa. Kwa hiyo hakuna mkaangaji mwenye akili anayetegemea fyucha kumletea kahawa bora ya Kilimanjaro au Nyeri. Kahawa hizo huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya msingi, na mwenye nazo hatazitupa kwenye ghala la soko. Zinazofika huko ni zile ambazo hazikupata mnunuzi bora, na miaka ya karibuni nyingi zimekuwa za Hondurasi na Brazili.

Hata hivyo mlango huo mwembamba unatosha. Fyucha ya Machi ikiwa ghali kuliko kahawa ya daraja hilo sokoni, mwenye kahawa atauza fyucha na kupeleka magunia ghalani hadi pengo lizibike. Ikiwa rahisi mno, mkaangaji atanunua fyucha, atangoja taarifa, na kuichukua kahawa. Kadiri ukomo unavyokaribia, bei mbili zinavutwa pamoja.

Si fyucha zote zenye ghala. Soko la hisa la Nairobi lilianzisha soko lake la fyucha Julai 2019, na mikataba yake hufungwa kwa fedha taslimu tu. Lilipoanza, mkataba mmoja wa hisa za Safaricom ulibeba hisa 1,000, na muda wake huisha Alhamisi ya tatu ya Machi, Juni, Septemba au Desemba. Tuseme uliununua kwa shilingi 18 na bei ya mwisho ya kufungia ikawa 20. Ukiwa umeshalipwa kidogo kidogo kila siku, jumla ya ulichopata ni shilingi 2,000 kabla ya ada, na mkataba unatoweka. Hakuna hisa iliyohama. Katika mtindo huu ulinzi wote uko kwenye namna bei ya mwisho inavyopatikana, kwa hiyo kanuni ya kuikokotoa ndiyo ya kusoma kwanza.

Kinachotokea mtu anapofika ukomoni bila mahali pa kuweka mzigo kilionekana na dunia nzima Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2020. Mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa Mei ulikuwa unaisha kesho yake. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000, na makabidhiano ni mji mdogo wa Cushing, Oklahoma, kwenye mabomba na matangi. Korona ilikuwa imefunga viwanja vya ndege na barabara, na matangi ya Cushing yalikuwa yamejaa au yamekodishwa yote. Ijumaa iliyotangulia bei ilikuwa imefunga dola 18.27. Jumatatu, walionunua bila kuwa na tangi walitaka kutoka wote kwa pamoja, na waliokuwa na nafasi walikuwa wachache mno. Bei ilishuka hadi sifuri, ikaipita, ikafunga kwenye hasi 37.63. Yaani mwenye mkataba alilazimika kumlipa mtu dola 37.63 kwa kila pipa ili amwondolee mzigo. Kwa mkataba mmoja, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, hasara ilikuwa dola 55,900. Siku hiyo hiyo mkataba wa Juni ulifunga zaidi ya dola 20. Mafuta hayakuwa takataka duniani. Yalikuwa mzigo usiobebeka mahali pamoja, mwezi mmoja.

Wengi walioumia walikuwa watu wa kawaida. Benki ya China ilikuwa imeuza kwa wateja wake bidhaa iliyofuata bei ya mkataba huo, na ilichelewa kuhama kuliko benki nyingine. Kampuni ya udalali ya Interactive Brokers ilikuta wateja wenye akaunti zilizopita sifuri, na ikalazimika kubeba hasara ya karibu dola milioni 100. Ngazi zilifanya kazi hapo: mteja hakuwa nazo, mwanachama akalipa, na upande wa pili wa soko ukapokea fedha zake zote.

Siku mwanachama anaposhindwa

Swali gumu zaidi ni hili: mwanachama mwenyewe asipolipa itakuwaje? Jibu lilipatikana Stockholm, Septemba 2018. Einar Aas, mfanyabiashara wa Norway aliyepata utajiri kwa fyucha za umeme, alikuwa mwanachama wa Nasdaq Clearing kwa jina lake mwenyewe, bila benki ya kumsimamia. Aliweka dau kubwa kwamba tofauti ya bei ya umeme kati ya nchi za Nordiki na Ujerumani itapungua. Tarehe 10 Septemba tofauti hiyo ilipanuka kwa siku moja mara 17 ya mwendo wake wa kawaida. Aliitwa kuongeza amana, hakuweza, na kesho yake nyumba ikatangaza kwamba ameshindwa.

Kazi ya nyumba ikawa kurudisha usawa wake, kwa sababu sasa ilikuwa na mikataba ya upande mmoja tu. Iliipiga mnada mikataba ya Aas kwa wachache walioalikwa, na bei iliyopatikana ilikuwa mbaya. Amana zake ziliisha. Kisha zilifuata fedha zilizopangwa kwa zamu, kama kanuni zinavyodai: kwanza sehemu ya mtaji wa Nasdaq yenyewe, euro milioni 7, halafu mfuko wa pamoja ambao wanachama wote huuchangia kwa dharura kama hii. Mfuko ulikuwa na takriban euro milioni 166, na milioni 107 ziliondoka. Mabenki na kampuni za umeme ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na Aas zilitakiwa kuujaza upya ndani ya siku chache. Waliokuwa upande wa pili wa mikataba yake walilipwa chote.

Kwa hiyo dhamana ilishika, lakini ilishika kwa fedha za majirani. Mwaka 2021 msimamizi wa fedha wa Uswidi aliitoza nyumba hiyo faini ya krona milioni 300 kwa udhaifu wa usimamizi wa hatari. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Amana ya Aas ilipimwa kana kwamba mikataba yake ingeuzika haraka kwenye soko lolote, ilhali soko lile lilikuwa dogo na yeye alikuwa mkubwa mno ndani yake.

Kuna shimo ambalo hata mfuko ule haulifiki. Nyumba inamdhamini mwanachama kwa mwanachama. Haimdhamini mteja dhidi ya dalali wake. Oktoba 2011 kampuni ya udalali ya MF Global ilianguka Marekani, na ikagundulika kwamba takriban dola bilioni 1.6 za wateja hazikuwa mahali zilipotakiwa kuwa, katika akaunti zilizotengwa. Wakulima na wafanyabiashara wa nafaka ambao mikataba yao ilikuwa salama kabisa walikuta amana zao zimefungiwa, wasiweze kuongeza wala kuhamisha. Walirudishiwa fedha zao mwishowe, lakini baada ya kesi zilizochukua zaidi ya miaka miwili.

Msafirishaji wa Moshi anapomchagua dalali, basi, ada kwa kila mkataba ndiyo jambo la mwisho la kuuliza. Aanze na benki inayoshika fedha za wateja, na kama zimetengwa kwa jina lao. Aulize kama dalali ni mwanachama wa nyumba ya malipo au anapitia kwa mwingine, na huyo mwingine ni nani. Aulize pia simu ya kuongeza amana ikija saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki ana saa ngapi za kulipa, kwa sababu uhamisho wa dola kutoka benki ya Moshi hadi New York hauishi usiku mmoja.